Saa nane usiku, imeandikwa hivyo

Umeme ulikatika nikiwa na asilimia kumi na kitu ya chaji kwenye laptopu, huku Mwanga, Kigoma, mtaa mzima giza, jenereta la jirani linaguruma, na mimi niko kwenye ukurasa wa nne wa pidiefu ya Kiitaliano nikijiambia nimalize hii aya moja tu halafu nilale.

Aya yenyewe ilianza hivi: "Saranno state le due di notte quando sono arrivati."

Nikaandika: "Ilikuwa saa mbili usiku walipofika."

Nikafunga laptopu, nikalala vizuri kabisa.

Ile sentensi imenikalia kooni wiki ya tano sasa kama mwiba wa samaki kuhe, ndio maana naandika.

## Pidiefu yenyewe

Wanaonifuatilia mnajua Kiitaliano changu nilikiokota Kiwengwa, Zanzibar, kwenye mahoteli, nikakisomea vizuri baadaye, na siku hizi nafanya kazi ndogondogo za tafsiri kutoka nyumbani Kigoma bando likiniruhusu. Mara nyingi ni vyeti vya kuzaliwa, mikataba, barua za watu wanaofuata wenza wao.

Hii ilikuwa tofauti. Kijana wa huku kwetu aliomba hifadhi Italia, akahojiwa na tume, akanyimwa. Wakili wake anaandaa rufaa, na kwa kawaida una siku 30 tu toka siku uliyokabidhiwa uamuzi. Kijana Kiitaliano chake ni cha sokoni, alihojiwa kwa Kiswahili kupitia mkalimani, lakini maandishi ya mahojiano (wenyewe wanaita verbale) yapo kwa Kiitaliano tu. Wakili akataka kijana ayasome kwa lugha yake, taratibu, aweke alama popote anapoona "hapa sikusema hivi". Hela ya mtafsiri wa kule haikuwepo. Jina langu likatajwa na mtu anayemjua mtu.

Mambo mengine nimeyabadilisha ili asijulikane, na mwenyewe kaniruhusu niandike.

Kisa chake kwa kifupi ni ugomvi wa shamba, tuhuma za uchawi juu yake, na usiku mmoja watu walikuja nyumbani. Hana picha wala ripoti yoyote, ana maneno yake tu. Na sheria yao ya 2007 inakubali hilo, kwamba kama huna ushahidi lakini umejitahidi kueleza, na maelezo yako yanashikana na yanaaminika, unaweza kuaminiwa. Kwa hiyo kesi nzima inabaki kwenye swali moja, maneno yanashikana au hayashikani.

## Nilichofanya kwenye ile sentensi

Nilifanya makosa mawili kwenye sentensi moja, na yote nilidhani ni msaada.

La kwanza ni saa. "Le due di notte" kwa Kiitaliano ni saa nane usiku, haina mjadala, ni ule muda mbwa wenyewe wamelala. Lakini mstari wa chini yake kijana anasema "i bambini stavano ancora mangiando", watoto walikuwa bado wanakula. Nikacheka peke yangu. Nikajua palepale kilichotokea, kijana alisema "saa mbili usiku", mkalimani akachukua "mbili" akaipeleka "due" bila kuhesabu, basi nikairudisha mahali pake. Saa mbili usiku. Nikajiona fundi.

La pili sikuligundua hata. "Saranno state" sio "ilikuwa". Ni wakati ujao kwa sura, lakini Muitaliano akiutumia kwa jambo lililopita anakisia, anakwambia sina uhakika ila nadhani. Na kinachoniuma ni kwamba Kiswahili kina kitu kilekile kabisa, tunakitumia kila siku: "itakuwa amelala", "itakuwa ni yule mtoto wa Mzee fulani". Hapo hatuongelei kesho, tunakisia. Tafsiri ilikuwa imekaa mezani inaningoja: "Itakuwa ilikuwa saa nane usiku walipofika." Mimi nikaweka "ilikuwa", kavu, kama mtu aliyeangalia saa ya ukutani.

Kwa hiyo kijana aliyekisia nikamfanya anayejua, na saa iliyokosewa nikaifanya sahihi.

Nikamtumia. Kesho yake sauti kwenye wasapu: "Dada iko poa yote, ndivyo nilivyosema."

## Halafu ukaja uamuzi

Siku sita baadaye wakili akanitumia uamuzi wenyewe wa tume nao niutafsiri. Kurasa chache. Katikati pale wanasema maelezo ya usiku ule hayaaminiki, kwa sababu mwombaji anasema watu walifika saa nane usiku na hapohapo anasema watoto wadogo walikuwa wanakula chakula cha jioni.

Niliisoma mara tatu.

Kumbe ile sehemu niliyoinyoosha kwa kalamu yangu ndiyo waliyomnyimia. Kijana ameletewa verbale ili atafute kosa, na kosa lenyewe mimi nimelifuta kabla halijamfikia, amesoma "saa mbili" akaona sawa maana ni kweli ilikuwa saa mbili, akamwambia wakili wake hakuna tatizo.

Kwa kosa langu, kitu pekee cha maana kwenye ile karatasi kilikuwa kinapita mbele ya macho yake bila yeye kukiona.

Nilimwandikia wakili usiku uleule. Sikulala poa siku hiyo.

## Kosa linalojifunga lenyewe

Swali lililonisumbua zaidi ni hili: kule kwenyewe ilipitaje? Maana sheria yao haijaacha hivihivi. Mahojiano yakiisha mwombaji anasomewa yote kwa lugha anayoielewa, kupitia mkalimani, na mwisho wa verbale kuna sehemu yake kabisa ya kuandika maoni ya mwombaji au ya mkalimani, yakiwemo makosa ya tafsiri. Ya huyu kijana ninayo hapa. Amesomewa. Maoni: hakuna. Kasaini.

Nikakaa nikapiga hesabu kwa kidole kama mtoto.

Kijana anasema "saa mbili". Mkalimani anaipeleka "le due". Afisa anaandika "le due". Wakati wa kusoma, mkalimani yuleyule anaiona "le due" anairudisha vilevile alivyoipeleka: "saa mbili". Kijana anasikia saa mbili, anaitikia kwa kichwa, anasaini.

Umeona? Kosa limekwenda na kurudi kwa njia moja, halikuacha alama. Kumsomea mtu maneno yake kupitia mkalimani yuleyule kunaweza kukamata jina lililokosewa au tarehe iliyorukwa, lakini kosa la namna hii hakulikamati, hata ukisoma mara kumi. Anayeweza kulikamata ni mtu wa pili, anayeichukua karatasi ya Kiitaliano kama ilivyo, hamjui kijana wala hajui alitaka kusema nini, na anaandika "saa nane" bila huruma.

Huyo mtu wa pili nilikuwa mimi, na nikafanya kilekile alichofanya wa kwanza.

Kuna rekodi? Sheria ya 2017 inaelekeza mahojiano yarekodiwe kwa video, lakini ikishindikana kiufundi inaandikwa verbale tu, na hii yake imeandikwa hivyo, haikurekodiwa. Hakuna pa kurudi kusikiliza.

Halafu wazo lingine likaniingia na likanitoa kiburi chote kilichokuwa kimebaki. Nani kaniambia ni mkalimani aliyekosea? Kijana ana miaka zaidi ya miwili Ulaya, simu yake inaandika 20:00, wenzake wote wanahesabu kizungu. Inawezekana kabisa yeye mwenyewe alisema "saa nane usiku" akimaanisha nane ya kizungu, mkalimani aliyejua kazi yake akaigeuza inavyotakiwa, nane ya Kiswahili ni due, akaandika sahihi kabisa. Karatasi ingetoka vilevile. Neno kwa neno.

Nilipoandika "saa mbili" nilidhani nasahihisha, kumbe nilikuwa natoa hukumu juu ya mkalimani nisiyemjua, kwenye chumba ambacho sikuwemo.

## Rasimu ya pili

Nikaanza upya ukurasa wa kwanza. Safari hii nikajiwekea sharti, kwenye maandishi yake siongezi wala sipunguzi, na nikiona kitu cha ajabu nakiandika chini kabisa kwenye maelezo ya mtafsiri, mbali na maneno yake, ili asomaye ajue hii ni sauti yangu sio yake.

Kwa hiyo juu: "Itakuwa ilikuwa saa nane usiku walipofika." Chini: "Kiitaliano kinasema saa nane za usiku kwa hesabu ya Kiswahili, yaani 02:00, umbo la kitenzi ni la kukisia." Basi. Sikuandika "nadhani alimaanisha saa mbili". Hiyo ni kazi ya wakili kuuliza na ya kijana kujibu.

Nikamtumia. Haikupita nusu saa: "Dada, SAA NANE? Nani kasema saa nane??"

Nikamwambia ongea na wakili, sio na mimi.

Sasa ukianza kusoma namna hii unakuta kila mstari una mtego wake. Kuna mahali anasema "mio zio". Kiitaliano hakijali huyo zio ni wa upande gani, ila Kiswahili kinakulazimisha: mjomba? baba mdogo? baba mkubwa? Rasimu ya kwanza niliweka mjomba kwa mazoea tu. Lakini hii ni kesi ya shamba! Nyumba nyingi huku kwetu, ndugu wa baba na ndugu wa mama hawasimami sehemu moja ardhi ikigawanywa, nikisema mjomba nimeshambadilishia ukoo. Safari hii nikaacha "zio" hivyohivyo na chini nikaeleza kwamba Kiitaliano hakionyeshi ni ndugu wa baba au wa mama. Haisomeki vizuri, najua.

Lakini iliyonikalisha jioni nzima ni hii: "Mio zio sarebbe stato ucciso da loro."

Ukiwa mgeni wa Kiitaliano unaona "sarebbe" unakimbilia -nge-: "angeuawa na wao". Hapo umemfufua marehemu, maana "angeuawa" ni mtu ambaye hakuuawa. Ukiwa na haraka unaandika "aliuawa na wao", na hapo umeapa. Sarebbe ya namna hii haiko kote kuwili. Magazeti ya Italia yanaitumia kila siku, mwandishi anakwambia hivi ndivyo inavyoelezwa, mimi sijathibitisha, msinishike. Ni mtu anayeshika sufuria la moto kwa kitambaa.

Kwetu neno la kwanza linalokuja ni "eti". "Eti zio waliomuua ni wao." Maana ipo, lakini eti ina pua juu, ukisema eti umeshaonyesha huamini na pengine unamcheka. "Inadaiwa" nayo ni ya mahakamani na kwenye magazeti yetu, mtu akidai tayari tunamkodolea jicho. Nikaishia "inasemekana", na bado hainiridhishi, kwa sababu inasemekana ina watu wanaosema, na sarebbe haitaji mtu yeyote. Nikaandika hayo chini.

Na swali kubwa zaidi, hiyo sarebbe ni ya nani? Kijana alisema "wamemuua wao" na afisa akaiweka mbali na mkono wake? Au alisema "nilisikia ni wao" na mkalimani akaifupisha? Kwenye karatasi inasimama kama maneno ya kijana, imo ndani ya jibu lake, "mio", wangu. Mtu anaweza kuonekana anasitasita kuhusu kifo cha ndugu yake kwa kusitasita kwa mtu mwingine kabisa. Mimi siwezi kulijua hilo kutoka Kigoma. Ninachoweza ni kutoifuta.

(Verbale za polisi ni balaa zaidi. Niliwahi kushika moja, inaandikwa "A.D.R.", yaani akiulizwa anajibu, na swali lenyewe halipo, limemezwa. Unakuta tu "A.D.R. non ricordo", sikumbuki. Hukumbuki nini? Jina la mtu au kama ulikuwepo? Unatafsiri "akiulizwa anajibu: sikumbuki" na unakaa na mikono yako.)

## Kimya

Baada ya ile sarebbe afisa anauliza: nani alikwambia? Na chini yake imeandikwa "Il richiedente resta in silenzio." Halafu jibu: "Lo sanno tutti."

Rasimu ya kwanza niliandika "Mwombaji anakaa kimya kidogo. Kila mtu anajua."

Kidogo imetoka wapi? Niliisikia tu kichwani, ndivyo tunavyosema, alikaa kimya kidogo. Lakini kwenye karatasi hakuna kidogo. Inaweza kuwa sekunde mbili, inaweza kuwa dakika, na anayesoma dakika nzima anaona ama mtu anayetunga uongo ama mtu aliyekabwa na kilio, kutegemea ameamkaje. Kidogo yangu ilikuwa imeshamwamulia.

Nikaitoa. "Mwombaji anabaki kimya." Nukta.

Nilijaribiwa pia kuandika "anashindwa kujibu". Nikajishika.

## Mama

Wakili akasema sasa anataka maelezo ya mama, aliyekuwepo usiku ule. Mama anakaa Ujiji. Nikamwambia wakili mimi nimeshasoma verbale yote na uamuzi, najua shimo liko wapi, sifai kumuuliza huyu mama. Akasema hana mtu mwingine na siku zinaisha, kwa hiyo niandike juu kabisa kwamba mwandishi alishayasoma, nimuulize swali moja tu la wazi, nisimsomee chochote cha mwanawe, niandike Kiswahili chake kwanza kama kinavyotoka, ndio nitafsiri.

Alikuja Jumamosi na mfuko wa dagaa, nikamwambia mama hukutakiwa kubeba kitu, akasema mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Kabla hajakaa akaniuliza: "Mwanangu aliwaambia nini kule?"

"Siwezi kukwambia mama."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Wakili amekataza mpaka useme ya kwako."

Hakufurahi. Alinitazama kama mtoto aliyekosa adabu, na kwa kweli ndivyo nilivyojisikia. Nikafungua daftari nikamwambia, mama nieleze usiku ule, chochote unachokumbuka, anza unapotaka.

Akaanza na ugali, kwamba ulikuwa umeshaiva, watoto wako chini kwenye mkeka, mdogo alikuwa anakataa mboga. Mlango ukagongwa.

Niliandika. Kalamu inatetemeka. Nilikuwa nataka kumuuliza swali moja tu, mnalijua, na ndilo swali pekee nisiloruhusiwa kumuuliza.

"Saa," akasema mwenyewe, "saa sijui mwanangu. Redio ilikuwa inasema. Taarifa ya habari ilikuwa imeanza, au ndio ilikuwa inaisha, sijui, maana nilisikia wanataja habari za mvua."

Taarifa ya habari. Mtanzania yeyote akisikia neno hilo usiku anajua ni saa mbili, hahitaji kuambiwa. Afisa wa tume hajui. Kwa Kiitaliano itakuwa "il giornale radio" na kwake redio inasoma habari saa yoyote. Mkono wangu ulishaandika "ya saa mbili" kabla akili haijafika. Nikakata kwa mstari mmoja, nikaacha mkato uonekane, nikaandika alichosema: "Taarifa ya habari ilikuwa imeanza, au ndio ilikuwa inaisha, sijui."

Sijui yake nikaiandika zote mbili. Sikuweka "takriban" wala "hivi".

"Halafu?" nikamuuliza.

Mama akaangalia mlango wangu. Nje wale watoto wa jirani walikuwa wanapigana na ndoo, jenereta limezimwa. Nilisubiri. Nikaandika "[ananyamaza]", na nikashika kalamu juu ya karatasi bila kuongeza kitu.